Kutafsiri ujumbe wa hitilafu na makala za msaada bila kupishana na maandishi ya vitufe

Msimu uliopita wa zabibu, karani wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima huko Hombolo, Dodoma, alinipigia simu saa nne asubuhi. Kreti zilikuwa zimepangwa mbele ya mizani, wakulima walikuwa wakisubiri stakabadhi, na programu ya kupokelea mazao ilikuwa imegoma kuhifadhi uzito. Nilimwomba anisomee maneno yaliyo kwenye kioo, naye akasoma: "Rekodi haikuweza kuhifadhiwa. Angalia mashamba yanayohitajika na ujaribu tena." Kisha akaongeza, "Kaka, mashamba nimeshayaangalia yote, hayana tatizo. Mawili nimeyarekebisha ekari."

Programu hiyo ilikuwa na kichupo kinachoitwa Mashamba, ambamo huandikwa ekari za kila mkulima. Karani alifanya kile alichoambiwa: alikifungua, akakagua, na kwa kuwa ujumbe ulidai kuna kasoro, akabadilisha ekari za wakulima wawili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kilichokosekana kilikuwa kitu kidogo sana: kisanduku cha namba ya mkulima kilikuwa kitupu. Neno la Kiingereza linalotaja kisanduku cha kujazia taarifa ndilo hilo hilo linalotaja shamba, na mtafsiri aliyekuwa akifanya kazi bila kuiona programu alichagua maana ya pili. Nilipomwelekeza afungue makala ya msaada, mambo yalizidi kuharibika. Makala ilisema "bonyeza Jaribu Tena", lakini kitufe kilichokuwa mbele yake kiliandikwa Rudia, na pembeni yake kulikuwa na kingine kilichoandikwa Tupa.

Tangu siku hiyo kazi hii naifanya kwa utaratibu ninaoueleza hapa. Nitatumia programu hiyo hiyo kama mfano, kwa kuwa karibu kila tatizo la kazi hii lilikuwamo. Maandishi yake yalihifadhiwa katika faili la aina ya PO, ambalo ndilo linalotumiwa na programu nyingi huria, lakini utaratibu wenyewe haubadiliki sana hata kama maandishi yamehifadhiwa kwa namna nyingine.

Hatua ya kwanza: tenga maandishi ya vitufe kabla ya kutafsiri sentensi yoyote

Chanzo cha mkanganyiko wa Hombolo hakikuwa Kiswahili kibaya peke yake. Maandishi ya vitufe yalitafsiriwa na mtu mmoja ndani ya faili la programu, makala zikatafsiriwa na mtu mwingine kutoka kwenye waraka wa Kiingereza, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake kazi yake. Wa pili alipokutana na jina la kitufe katikati ya sentensi, alilitafsiri kama neno la kawaida. Jina la kitufe likishaandikwa kwenye kioo huwa jina, kama lilivyo jina la mtaa. Huwezi kumwelekeza mgeni aende Area C kisha ukaliita eneo hilo kwa jina jingine ulilolipenda wewe, hata kama jina lako ni zuri zaidi.

Kwa hiyo vitufe, menyu, vichupo na majina ya visanduku hutafsiriwa kwanza, hukubaliwa, na hufungwa. Ujumbe wa hitilafu hufuata, kwa sababu ndani yake kuna majina ya vitufe. Makala za msaada huja mwisho, kwa sababu ndani yake kuna majina ya vitufe na maneno ya ujumbe wa hitilafu pia. Ukiugeuza mpangilio huu, utalazimika kurudi nyuma na kurekebisha kila makala mara kitufe kimoja kinapobadilika.

Orodha ya majina yaliyokwisha kutafsiriwa huipata kwa amri hii ya gettext, zana za kushughulikia faili za PO:

```
msgattrib --translated --no-fuzzy --no-obsolete sw.po > lebo.po
```

Zingatia sana sehemu ya `--no-fuzzy`. Waundaji wanapobadilisha maandishi ya Kiingereza, tafsiri ya zamani huachwa ndani ya faili ikiwa na alama ya `fuzzy`, kumaanisha kwamba inasubiri mtu aihakiki. Mfano ni huu, ambapo `msgid` ni Kiingereza cha asili na `msgstr` ni tafsiri yake:

```
#, fuzzy
msgid "_Save record"
msgstr "Hi_fadhi"
```

Anayefungua faili hili huona kwamba kitufe kinaitwa Hifadhi na kuandika hivyo katika makala. Hata hivyo, `msgfmt` inapotengeneza faili linalosomwa na programu, huyaacha nje maandishi yote yenye alama hiyo, na kitufe hutokea kwa Kiingereza. Makala inasema Hifadhi, kioo kinasema `Save record`, na mtumiaji anaamini kwamba programu yake ni tofauti na inayoelezwa. Dalili ya tatizo hili ni rahisi kuitambua: ukiona kitufe kimoja kimebaki kwa Kiingereza kati ya vitufe vya Kiswahili baada ya toleo jipya, tafuta kwanza alama ya `fuzzy` kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Mfano huo una jambo la pili. Mstari mdogo ulio katikati ya `Hi_fadhi` hauonekani kwenye kioo kama herufi ya kawaida. Huonyesha herufi ya kubonyeza pamoja na Alt kwenye kibodi. Ukitafuta neno "Hifadhi" ndani ya faili hutalipata, na unaweza kudhani kitufe hakijatafsiriwa, ukakitungia jina jipya. Baadhi ya programu hutumia `&` mahali pa mstari huo. Ondoa alama hizi katika nakala yako ya orodha kabla ya kuanza kutafuta, lakini usiziguse ndani ya faili lenyewe.

Hatua ya pili: hakikisha kila jina linaelekeza mahali pamoja tu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na ninashauri usiharakishe. Orodha ikiwa mbele yako, ipange upya kwa kufuata Kiswahili badala ya Kiingereza. Utagundua kwamba maneno mawili au matatu ya Kiingereza yamepewa neno moja la Kiswahili.

Katika programu ya zabibu, neno Futa lilikuwa limetumika mara tatu. Lilitafsiri `Delete`, yaani kuondoa kabisa taarifa iliyokwisha kuhifadhiwa. Lilitafsiri `Clear` katika fomu ya uzito, ambapo kitufe huondoa tu maandishi kwenye visanduku ili uanze upya. Na lilitafsiri `Clear` katika ukurasa wa madeni, ambapo kitufe huandika kwamba mkulima amemaliza deni lake la pembejeo. Katika fomu ya uzito vitufe viwili vya Futa vilikaa jirani, kimoja kisicho na madhara na kingine kinachopoteza kumbukumbu ya mzigo wa mtu. Makala iliyosema "bonyeza Futa" haikuwa na namna ya kuwa sahihi, hata kama ingenakili kioo herufi kwa herufi.

Nilibakiza Futa kwa taarifa inayoondoka moja kwa moja, nikaandika Anza upya kwa fomu, na Maliza deni kwa ukurasa wa madeni. Lakini hili la mwisho sikuweza kulifanya peke yangu. Ndani ya faili la PO, maandishi ya Kiingereza yanayofanana huandikwa mara moja tu, na tafsiri yake hutumika kila mahali yanapotokea. Ili `Clear` ya fomu na `Clear` ya madeni zipate tafsiri mbili, mwundaji lazima aziwekee muktadha kwenye msimbo wake, nao hutokea hivi:

```
msgctxt "farmer debts"
msgid "Clear"
msgstr "Maliza deni"
```

Mtafsiri hawezi kujiongezea mstari wa `msgctxt`, kwa sababu programu haitautambua. Andika kwa mwundaji, mweleze ni kurasa zipi mbili zinazogongana, na mwambatishie picha za kioo za kurasa zote mbili. Kwa uzoefu wangu, ombi lenye picha hujibiwa mapema kuliko maelezo marefu juu ya sarufi yetu.

Neno Ghairi lina mtego wake. Ni tafsiri nzuri ya kitufe kinachofunga dirisha bila kufanya kitu. Shida huanza pale kazi yenyewe inapokuwa ni kughairi: karani anataka kubatilisha stakabadhi, dirisha linauliza "Ungependa kughairi stakabadhi?", na vitufe ni Sawa na Ghairi. Mtu mwenye akili timamu atabonyeza Ghairi, kwa kuwa ndicho alichokuja kukifanya, na dirisha litafungwa bila stakabadhi kubatilishwa. Tafsiri swali kwa kitenzi kingine na uvipe vitufe kitenzi hicho hicho: "Batilisha stakabadhi hii?", kisha Batilisha na Usibatilishe. Kiswahili kinatupa faida hapa, kwa kuwa kukanusha amri huchukua neno moja tu na hakuna anayelielewa vibaya.

Mwishowe, pima urefu. Kitufe kilichoandikwa Tupa nilikibadilisha kwanza kuwa Acha bila kuhifadhi, kwa sababu kinachotupwa ni maandishi ambayo hayajahifadhiwa na nilitaka jambo hilo lionekane. Kwenye kompyuta ndogo ya chama, yenye kioo chembamba, kitufe kilikatika kikasomeka "Acha bila kuhi…". Jina likikatika, makala yako itataja jina ambalo halipo machoni pa msomaji, hata kama lipo kwenye faili. Nilikiita Usihifadhi. Herufi zake ni kumi, linatosha kwenye kitufe, na linaeleza kilekile.

Hatua ya tatu: tafsiri ujumbe wa hitilafu ukiwa na orodha ya vitufe mkononi

Rudi sasa kwenye ujumbe uliotuangusha. Kiingereza chake kilikuwa hiki:

```
msgid "Record could not be saved. Check required fields and try again."
```

Kabla ya kuandika neno lolote, tafuta mahali ujumbe huu unapotokea. Juu ya kila ingizo katika faili la PO kuna mistari inayoanza na `#:`, nayo hutaja faili na mstari wa msimbo. Kwa mistari hiyo niligundua kwamba ujumbe huo hutumika katika fomu ya kupokea zabibu na pia katika fomu ya kusajili mkulima mpya. Kwa hiyo sikuweza kuandika "Uzito huu haujahifadhiwa", ingawa ingemfaa sana karani wa mizani, kwa kuwa anayesajili mkulima angeshangaa. Nilichagua "Taarifa hizi".

Jambo la pili ni kitenzi. "Haikuweza kuhifadhiwa" ni Kiingereza kilichovaa nguo za Kiswahili. Sisi hatusemi kwamba chakula hakikuweza kupikwa tunapomaanisha bado hakijapikwa. Tena "haikuweza" hufunga jambo, kana kwamba limeshashindikana na hakuna la kufanya. "Hazijahifadhiwa" ina ile `-ja-` inayomwambia msomaji kwamba kazi ipo na bado inaweza kukamilishwa. Pale ambapo jambo kweli limeshindikana na halitarudiwa, tumia "haikuhifadhiwa", na mtumiaji atasikia tofauti hiyo bila kufundishwa.

Jambo la tatu ni visanduku. Nilifungua fomu yenyewe na kuona kwamba visanduku vya lazima vina alama ya nyota. Kwa kuwa niliiona kwa macho, nikaitaja. Kama fomu ingekuwa haina alama yoyote, ningeandika "visanduku ambavyo havijajazwa" na nisingebuni alama isiyokuwapo.

Jambo la nne ni kitufe. Ujumbe huu hutokea kwenye ukanda mwekundu juu ya fomu, nao una vitufe viwili, `Try again` na `Discard`. Maneno ya mwisho ya sentensi ya Kiingereza si ushauri wa jumla, bali yanataja kitufe cha kwanza. Kwa kuwa kitufe kilikuwa kimetafsiriwa Rudia, na makarani walikuwa wakilisikia neno hilo kama amri ya kuanza kupima mzigo upya, nilikibadilisha kitufe kwanza kuwa Jaribu tena, kisha nikaandika ujumbe:

```
msgstr "Taarifa hizi hazijahifadhiwa. Jaza visanduku vyenye nyota, kisha bonyeza Jaribu tena."
```

Linganisha na ule wa kwanza. Msomaji sasa anajua hali ya maandishi yake, anajua aangalie wapi, na neno la mwisho analosoma liko sentimita chache tu kutoka kwenye kitufe chenye neno hilo hilo.

Niseme pia kuhusu kichwa cha ujumbe. Programu nyingi huweka neno moja juu yake, na tafsiri ya kawaida ni "Kosa". Katika masikio ya watu wengi wa huku kwetu, kosa lina mkosaji. Karani akisoma "Kosa" huku foleni ya wakulima ikimtazama, huona ameshitakiwa, na baadhi yao hufunga ujumbe haraka kabla hawajausoma. Mimi huandika "Hitilafu" pale mfumo wenyewe unaposhindwa, na pale mtumiaji anapokuwa ameacha kitu huondoa kichwa hicho na kuandika kinachokosekana, kwa mfano "Namba ya mkulima haijajazwa".

Kuna ugumu mmoja ambao watafsiri wa lugha nyingi hawaujui, nao ni upatanisho wa ngeli. Ujumbe kama `%s not found` huacha nafasi ambayo programu huijaza yenyewe. Ikijazwa jina la mkulima, Kiswahili kinataka "hakupatikana"; ikijazwa shamba, "halikupatikana"; ikijazwa stakabadhi, "haikupatikana". Mtafsiri hajui kitakachowekwa, na akichagua moja, nyingine mbili zitasikika kama Kiswahili cha mgeni. Njia ninayoitumia ni kumpa kitenzi mtendaji asiyebadilika:

```
msgid "%s not found"
msgstr "Mfumo haukupata: %s"
```

Mtendaji ni mfumo, na kinachokuja baada ya nukta mbili kinaweza kuwa cha ngeli yoyote. Pale unapojua kwamba nafasi hiyo hujazwa aina moja tu ya kitu, kitaje kitu hicho mbele yake, kama "Stakabadhi namba %s haikupatikana", na upatanisho utafuata stakabadhi. Usiondoe wala kuongeza `%s`. Ukimaliza, amri ya `msgfmt --check -o /dev/null sw.po` itakuonyesha nafasi zisizolingana, mradi maingizo hayo yamewekewa alama ya aina ya msimbo wake, kama `c-format`.

Hatua ya nne: andika makala ukiwa mbele ya programu iliyo wazi

Makala ya msaada isitafsiriwe kutoka kwenye waraka wa Kiingereza peke yake. Fungua programu yenye tafsiri mpya, isababishie hitilafu hiyo makusudi kwa kuacha kisanduku cha namba ya mkulima kitupu, kisha andika hatua unazozipitia. Waraka wa Kiingereza utakukumbusha tu kile usichotakiwa kukiacha.

Jina la kitufe liandikwe kama lilivyo kwenye kioo, kwa herufi zile zile kubwa na ndogo, na lisinyumbulishwe. Usiandike "ukishajaribu tena" ukitarajia msomaji atambue kwamba umetaja kitufe, wala usiandike "hifadhini". Weka nomino mbele yake: kitufe cha Jaribu tena, kichupo cha Mashamba, kisanduku cha Namba ya mkulima. Nomino hiyo hubeba upatanisho wote wa sentensi, na jina hubaki salama bila kuguswa. Pia humwambia msomaji atafute umbo gani kwenye kioo, jambo ambalo jina peke yake haliwezi.

Mpangilio wa sentensi nao una uzito. Kwenye mizani, makala husomwa kwa sauti na mtu mmoja huku mwingine akishika kipanya, na anayesikia "bonyeza" huanza kubonyeza. Kwa hiyo mahali patajwe kabla ya tendo, na sharti kabla ya amri. "Bonyeza Usihifadhi kama hutaki kuendelea" ni sentensi ya hatari, kwa kuwa madhara yameshatokea kabla sharti halijasikika.

Makala ya Hombolo sasa inasomeka hivi:

1. Ukiona ukanda mwekundu wenye maneno "Taarifa hizi hazijahifadhiwa", usifunge programu. Maandishi yako bado yapo kwenye fomu.
2. Katika fomu hiyo hiyo, tafuta kisanduku chenye nyota ambacho ni kitupu. Katika kupokea zabibu, mara nyingi ni kisanduku cha Namba ya mkulima.
3. Jaza kisanduku hicho.
4. Kwenye ukanda mwekundu, upande wa kulia, bonyeza kitufe cha Jaribu tena.
5. Ukiona maneno "Taarifa zimehifadhiwa", bonyeza kitufe cha Chapa stakabadhi.
6. Ikiwa mkulima ameamua kuondoka na mzigo wake na hutaki kuweka kumbukumbu hiyo, bonyeza kitufe cha Usihifadhi. Uzito ulioandika utapotea.

Maneno ya ujumbe niliyaweka ndani ya alama za nukuu, na katika faili la makala majina ya vitufe niliyaweka kati ya nyota mbili mbili, kama `**Jaribu tena**`, ili yatokee kwa herufi nzito. Tofauti hiyo ni ya kufuatwa katika makala zote, kwa sababu ndiyo itakayotuwezesha kukagua kwa kompyuta hapo chini.

Yapo maandishi ambayo programu yako haiyamiliki. Dirisha la kuchagua faili huletwa na kompyuta yenyewe, na ombi la ruhusa ya kamera kwenye simu huletwa na simu. Lugha yake hufuata mpangilio wa kifaa, na ofisini mwetu kompyuta nyingi bado zimewekwa Kiingereza. Ukiandika "bonyeza kitufe cha Fungua", nusu ya wasomaji hawatakiona. Kwa sehemu hizo andika wazi: "Dirisha linalofuata ni la kompyuta yako. Bonyeza kitufe kilichoandikwa 'Open' au 'Fungua'." Yaweke ndani ya nukuu na si kwa herufi nzito, ili yasichanganyike na majina ya programu yako.

Hatua ya tano: kagua kwa kompyuta, kisha kwa mtu

Ikiwa makala zimeandikwa kama nilivyoeleza, mistari michache ya Paithoni, pamoja na maktaba ya polib, inatosha kulinganisha kila neno lenye herufi nzito na maandishi yaliyomo ndani ya programu:

```
import polib, re
po = polib.pofile("sw.po")
lebo = {e.msgstr.replace("_", "")
        for e in po.translated_entries()}
makala = open("makala.md", encoding="utf-8").read()
for jina in re.findall(r"\*\*(.+?)\*\*", makala):
    if jina not in lebo:
        print("Haipo:", jina)
```

Orodha ya `translated_entries` huyaacha yenye alama ya `fuzzy`, kwa hiyo inakupa yale tu yatakayoonekana kwenye kioo. Mara ya kwanza nilipoiendesha kwa makala zetu za zamani, ilinionyesha "Jaribu Tena" lenye T kubwa. Wengine wanaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo, lakini ningependa libaki linakamatwa, kwa kuwa tofauti ya herufi kubwa mara nyingi huashiria kwamba mwandishi aliliandika jina kwa kukumbuka badala ya kulitazama.

Ukaguzi huu una mipaka yake. Utakwambia kwamba jina halipo kabisa, lakini hautakwambia kwamba lipo kwenye ukurasa mwingine. Ningeandika "bonyeza kitufe cha Maliza deni" ndani ya makala ya kupokea zabibu, ungelipitisha bila neno. Vilevile hauoni kitufe kilichokatika, wala kitufe ambacho mtumiaji wa cheo cha karani haonyeshwi kwa sababu ni cha meneja. Hilo la cheo lilitupata: niliandika makala nikiwa nimeingia kama msimamizi, nikataja kitufe cha Batilisha ambacho karani hakuwa nacho. Tangu wakati huo hufungua akaunti ya karani kabla sijaandika chochote kinachomhusu karani.

Kwa hiyo baada ya kompyuta huja mtu. Nilirudi Hombolo na makala iliyochapwa kwenye karatasi, nikamwomba karani yule yule aifuate bila mimi kusema kitu, huku mwenzake akimsomea. Nilitazama kidole chake kwenye kipanya. Mahali kidole kinaposita ndipo jina halijalingana, au mahali hapajatajwa. Kilisita mara moja, kwenye hatua ya nne. Alikuwa akitafuta kitufe chini ya fomu, ambako ndiko kilipo kitufe cha Hifadhi alichokizoea, na maneno "kwenye ukanda mwekundu, upande wa kulia" hayakuwamo bado. Niliyaandika kwa kalamu pale pale kwenye karatasi yake, na yaliingia kwenye makala jioni hiyo.

Hatua ya sita: ifunge makala kwa toleo lake

Juu ya kila makala andika namba ya toleo la programu iliyotumika kuiandika. Toleo jipya likija, linganisha faili la zamani na jipya kabla ya kulitoa kwa watumiaji, orodhesha kila jina la kitufe lililobadilika, kisha tafuta makala zinazolitaja. Kama tafsiri mpya ya kitufe ni nzuri kidogo tu kuliko ya zamani, mimi huiacha ya zamani. Makarani wameshaizoea na karatasi zimeshabandikwa ukutani karibu na mizani, na karatasi hizo hakuna amri ya kompyuta inayoweza kuzibadilisha. Jina likilazimika kubadilika, fanya hivyo kati ya misimu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na miezi ya katikati inatosha kuchapa karatasi mpya, kuzipeleka, na kuziondoa za zamani kwa mkono wako.